Majina Mawili ya S

Ripoti ya wasomaji iliingia kwenye simu yangu nikiwa katika chumba cha walimu, nasahihisha insha za kidato cha pili. Mhariri wangu, mama mmoja wa Nairobi ambaye hadi siku hiyo tulikuwa tumeongea kwa simu tu, alikuwa amewapa watu wawili mswada wa riwaya yangu ya kwanza waupitie. Mmoja wao aliandika kwamba ameipenda hadithi, ila hakuelewa kwa nini Sara, aliyekuwa mwema hadi sura ya tisa, anamnyima mke mwenzake dawa katika sura ya kumi.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Sara hakumnyima mtu dawa. Aliyenyima ni Selina, na aliyenyimwa ni Sara.

Msomaji wa pili alikuwa na adabu zaidi. Alisema alilazimika kurudi nyuma kila mara kuhakikisha anamsoma mke yupi, na kwamba hata mwisho hakujua kile kitambaa kilichodariziwa herufi S kilikuwa cha nani.

Niliirudisha simu mkobani nikiwa nimechukizwa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye mboga. Miaka minne nimeandika kitabu hiki, nikiamka mapema kabla ya kwenda shule, na mtu ameshindwa kutofautisha wanawake wawili.

Mhariri alinipigia jioni.

"Mwalimu, usiwalaumu," alisema. "Wanawake hawa wameolewa na mume mmoja, wanaishi boma moja, umri wao unakaribiana. Halafu majina yote yanaanza na S na kuishia na A. Msomaji hasomi jina lote kila anapokutana nalo. Anashika herufi ya kwanza na umbo la neno, anasonga mbele. Tubadilishe jina moja."

"Lipi?"

"Mimi ningebadilisha Selina. Anatajwa mara chache kuliko mwenzake, na msomaji bado hajamzoea. Sara ndiye moyo wa kitabu."

"Basi nitabadilisha Sara," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilimwambia kwamba jina la Selina limemkaa yule mwanamke vizuri, siwezi kumwona kwa jina jingine. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba mke wa pili wa baba yangu, anayeishi Navakholo mpaka leo, ana jina linaloanza na S. Nilichukua jina lake, nikageuza herufi chache tu, nikambandika mwanamke mbaya wa kitabu changu. Nilitaka kila mtu wa kwetu atakayesoma amjue mara moja. Mama yangu aliugua miaka miwili katika boma lile kabla hajafa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimeamua ni kosa la nani.

Siku iliyofuata nilifungua mswada kwenye kompyuta, nikaiamuru itafute Sara na kuweka Tabitha kila mahali kwa mara moja. Kazi ikaisha kabla sijaweka kikombe mezani. Nikautuma bila kuupitia. Nilikuwa nimeuchoka kiasi kwamba sikutaka kuuona hata ukurasa wa kwanza.

Mhariri alipopiga tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia.

"Mwalimu, nikusomee ukurasa wa kumi na saba. 'Mzee alisema mwaka huu wa miwa ni haTabitha tupu.'"

Sikuelewa.

"Hasara, Mwalimu. Kompyuta imeona sara ndani ya hasara. Nenda ukurasa wa arobaini. Mtoto ameokota Tabithafu barabarani."

"Sarafu," nikasema.

"Sarafu. Na shuleni kwao wamekuja watu wa Tabithakasi."

Najua mwingine angecheka. Mimi nilihisi uso unaniwaka. Nafundisha Kiswahili. Nimewahubiria wanafunzi wangu maneno kuhusu uzembe mpaka wameyakariri, na mimi nimemtumia mtu mswada wenye haTabitha.

Alinieleza taratibu, bila kunidharau. Niuache mswada ule, nirudi kwenye ule wa zamani. Nikitafuta jina, niiambie kompyuta itafute neno zima, na iheshimu herufi kubwa na ndogo. Tena nisibadilishe yote kwa pamoja. Niende moja moja, nisome sentensi. Kisha niuchape kwenye karatasi na kuupitia kwa kalamu, kwa sababu kuna mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyaona, kama ile S ya kwenye kitambaa.

"Na kabla ya yote," akasema, "andika orodha ya wahusika wako wote, uone herufi zipi zimeshatumika. Tusitoke kwenye shimo moja tukaingia lingine. Na ufikirie tena kuhusu Selina."

Niliuchapa mswada wa zamani katika duka la mjini, karatasi mia mbili na kitu, nikaziweka juu ya meza ya sebuleni. Nilikuwa nimefika sura ya nne siku mama mdogo alipokuja.

Ndiyo, ni yeye, yule wa Navakholo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hospitali kubwa ilikuwa imempa siku ya kuonwa na daktari wa macho. Baba alishafariki, na kwa desturi yetu mtoto wa boma aliye mjini ndiye anayempokea mgonjwa, hata kama mtoto mwenyewe hataki. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na jogoo kwapani, aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Mulembe, mwanangu," alisema. "Nimekuletea ingokho."

Nilimpokea, nikampikia, nikamtandikia kitanda. Nilifanya yote yanayotakiwa na sikumtazama usoni. Alikula obusuma yake, ugali wetu, polepole, akipapasa mboga kwa vidole kwa sababu haoni, na mimi nikajikuta nikikumbuka kwamba Selina wangu anakula vilevile katika sura ya sita, akilamba vidole, mafuta yakimtiririka mpaka kiwiko. Nilikuwa nimeandika hivyo ili msomaji atapike.

Mchana wa pili mvua ilitufungia ndani. Nilikaa mezani na kalamu, yeye amekaa kwenye kochi.

"Nilisikia unaandika kitabu," alisema. "Watu wanasema kinahusu nyumbani."

"Ni hadithi tu, mama mdogo."

"Nisomee basi. Mimi sina macho."

Ningeweza kukataa. Nilisema moyoni: vema, na asikie. Nilitafuta sura ya nane, ambapo Sara anaugua homa ya mifupa na Selina anampita mlangoni bila kusalimia. Lakini sura hiyo inaanza mapema kidogo, wakati mambo ni kinyume: Selina amejifungua, yuko kitandani, na Sara anamletea uji wa wimbi kila asubuhi, anamshika kichwa, anamnywesha. Nilianzia hapo. Nilisoma kwa sauti, Sara hiki, Selina kile, na mvua inapiga mabati.

Alinikatiza mkono wake ukiwa hewani.

"Huyo anayepeleka uji. Ni mimi?"

"Hapana. Huyo ni Sara."

"Sala?" Kwetu L na R hubadilishana ovyo ovyo, na mvua nayo ilimeza maneno. "Nilifikiri Sala ni mimi. Maana mimi ndiye nilikuwa nampelekeanga mama yako uji. Alikuwa hawezi kushika kikombe. Nilikuwa namshikanga hapa nyuma." Akagusa kisogo chake. "Wewe ulikuwa unasimama mlangoni na sare ya shule. Unakumbuka?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Lakini nilikumbuka papo hapo, na kibaya kuliko yote, nilikumbuka kwamba sikuwahi kusahau. Mkono nyuma ya kichwa niliutoa hapo. Kikombe cha bati chenye mshikio wa bluu nilikitoa hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye meza hii hii, nikachukua kitu kizuri alichokifanya yule mwanamke, nikamvua, nikamvisha mama yangu, kisha nikamwachia yeye mafuta na kulamba vidole.

"Na dawa?" niliuliza.

"Dawa gani?"

"Walisema ulimfichia dawa."

Alifikiri. "Dawa zilikuwa zimeisha. Baba yako ndiye hakutaka kurudi hospitali. Mimi sikusema kitu. Hiyo ni kweli, sikusema kitu." Kisha akauliza kama nitaendelea kusoma.

Nilimwambia mwanga umepungua. Ulikuwa mchana.

Nilienda jikoni nikasimama mbele ya sinki. Watu husema wanajichukia na unajua wanatia chumvi. Mimi nilisikia harufu. Nilisikia kwangu mwenyewe harufu ya kitu kilichovunda, na kilichonichukiza zaidi ni kwamba sehemu fulani yangu bado ilikuwa inapima kama tukio hili lingefaa kitabuni.

Siku iliyofuata nilimpeleka mama mdogo hospitali, na kesho yake akarudi Navakholo, jicho moja limefungwa bandeji. Nilimpigia mhariri.

"Tubadilishe Selina," nilimwambia. "Sara abaki."

Hakuuliza sababu. Aliuliza tu, "Umepata jina?"

Niliandika orodha kama alivyoniagiza. Nilitaka Dorika, lakini mume anaitwa Daudi. Rebeka, lakini kuna Ruthi, jirani. Nikapata Kezia. Hakuna K mwingine kitabuni, Z inaonekana kwa mbali, na kwetu hakuna ninayemjua mwenye jina hilo. Nilibadilisha moja moja, neno zima, nikisoma kila sentensi. Ilinichukua siku nane. Nilikuta mahali pawili palipoandikwa "Mama Selina" ambapo ningepasahau, na S ya kitambaa ikawa K, kwa hiyo sasa inajulikana ni cha nani. Uji nao niliurudisha. Katika kitabu kilichotoka, anayeshika kichwa cha mgonjwa ni Kezia. Dawa inaisha, mume anakataa safari, na Kezia hasemi kitu. Mhariri aliandika pembeni kwamba sura ya kumi sasa inauma zaidi, na kwamba hakuna tena anayechanganyikiwa.

Kitabu kikatoka. Jalada lake ni zuri. Muhula uliopita shule moja ya Lumakanda ilinialika niongee na wanafunzi, na msichana mmoja akasimama, akauliza kama Kezia ni mtu wa kweli.

"Ni wa kubuni," nilimjibu.

Walimu walitikisa vichwa kwa kuridhika, msichana akaandika jibu kwenye daftari lake. Niliomba maji. Niliyanywa yote, na ladha mbaya mdomoni haikutoka.