Mama Apimwa Macho kwa Ukurasa wa Kisomo

Mimi subira sikujaliwa, na mwanafunzi aliyenimalizia kidogo niliyokuwa nayo alikuwa mama yangu mzazi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapewa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, nje kidogo ya Singida Mjini. Darasani aliniita mwalimu. Nyumbani aliniita mwanangu na kunituma maji.

Tukisoma kwa pamoja, sauti yake ilitangulia zote. Nikimpa mstari mpya asome peke yake, anakisogeza kitabu mbali, anakirudisha, anasema leo kichwa kinamuuma. Kamati ilikwisha sema kwamba bila cheti cha kisomo hatapewa kazi ya kuuza katika duka la kijiji, na duka lile alilitaka kweli. Mimi ndiye niliyepeleka majina ya mtihani, na jina lake nililiacha mara mbili, pamoja na ya wengine sita. Nilimwita mvivu mbele ya watu. Naam, mama yangu.

Siku moja sokoni nikapewa karatasi na fundi miwani aliyekuwa amefungua chumba karibu na stendi: kupima macho bure kwa wiki nzima, na bei za vioo chini yake. Nikamchukua mama twende, si kwa huruma, jamani. Nilitaka kisingizio chake kiishe.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilikaa, nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Fundi alimwamkia mama shikamoo kisha akaanza na ubao wa mbali, wenye alama zilizogeuzwa huku na huku, ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa mkono zinakoelekea. Mama alionyesha zote mpaka mstari wa chini, ule mdogo kabisa. Fundi akasema kwa mbali yuko sawa. Kwa karibu akampa ukurasa uliochanwa kutoka kitabu cha kisomo, maana, alisema, ndicho watu wa huku wanachosoma.

Mama akauinua, akasoma wote bila kukwama. Fundi akamwambia macho ni mazima, asipoteze pesa yake. Kumbe ni uvivu mtupu! Nikachukua kanga yangu, nikawa mlangoni tayari, mama bado anaendelea kusoma: baba analima, mama anapanda mtama, wote wanavuna.

Nikaganda. Ukurasa ule unaishia kwenye mtama. Mavuno yako upande wa pili, na mama hakuwa ameugeuza.

Mama aliniona nimeelewa. Aliniangalia kwa macho ya kuniomba ninyamaze, na Mungu anisamehe, karibu ninyamaze, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kwenda.

"Mavuno hayamo kwenye ukurasa huo, fundi," nikasema. "Anasema kwa kichwa."

Watu wa foleni wakageuka kututazama. Mama akainamisha uso, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Fundi hakucheka. Alimpa ile karatasi ya bei, ambayo mama hakuwahi kuikariri. Hakuweza hata neno moja. Basi akamvika fremu nzito ya chuma, akachomeka kioo, akauliza, akakitoa, akachomeka kingine. Kwenye cha tatu mama akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ku-pi-ma," akasema. "Ma-cho. Bu-re."

Akaendelea, polepole, silabi kwa silabi, akikosea na kurudia kama mtu anayesoma kweli. Akafika kwenye bei mwenyewe: vioo vya kusomea, shilingi thelathini pamoja na fremu, vioo vya pande mbili, shilingi themanini. Fundi akamweleza kwamba vya pande mbili ni kwa mtu asiyeona mbali wala karibu: juu anatazamia mbali, chini anasomea. Mama mbali anaona, kwa hiyo vya kusomea vinamtosha. Asitembee navyo tu, maana vitu vya mbali ataviona kama ukungu, na miwani yenyewe ni ya kioo, ikianguka inapasuka. Akasema huo si ugonjwa, ni umri. Mtu akishapita arobaini, macho ya karibu huanza kuchoka. Vitakuwa tayari Ijumaa.

Nilisimama pale nikilia, sijui kama ni kwa aibu au kwa furaha. Miaka miwili nilimdhalilisha mwanamke aliyekariri kitabu kizima kwa masikio, kwa sababu alikuwa haoni herufi. Nikamwambia anisamehe, na jina lake nitalipeleka kesho asubuhi.

Mama akavua ile fremu ya chuma, akamrudishia fundi kwa mikono miwili. Hakunikasirikia. Aliniita kwa lile jina la darasani.

"Mwalimu," alisema, "wale sita wengine uliowaacha, wote ni rika langu."