Bei ya Zamani Aliyoiuliza Bi Salma

Ninyi vijana mnaosoma kwa kidole kimoja mkipandisha juu, tulieni hapa kidogo. Shule sikukaa sana, ila duka ninalo, na limetimiza miaka mitano. Nitawaambia kwa nini tangazo letu halina kelele.

Usiku ule wa kuamkia sherehe ya miaka hiyo mitano nililala na hasira. Ng'ambo ya barabara, hapa Korogwe, limefunguliwa duka jipya lenye taa na kibao kikubwa cha nusu bei, na wateja wangu wameanza kupita mlangoni kwangu wakitazama chini. Mjukuu wangu Mwajuma, ndiye anayeshika simu ya duka, alinisomea tangazo aliloandika. Kaweka mchele bei ya juu, ambayo sijawahi kuuza, kaikata kwa mstari mwekundu, kisha chini yake kaweka bei yangu ya kila siku na kuiita punguzo.

"Wote wanafanya hivi, Bibi. Tusipofanya, tufunge tu."

Nikaenda chumbani. Nikalala.

Nikaota niko dukani, lakini dukani ni jikoni kwa marehemu mama, moshi umejaa na mizani yangu inaning'inia pale ilipokuwa sufuria. Mchele unamwagika kutoka kwenye gunia bila kuisha. Bi Salma anaingia. Shoga yangu huyo tulimzika mwaka jana. Ndiye mteja wangu wa kwanza, asubuhi ya kwanza kabisa, alinunua robo ya maharage tu na kukinga kiganja: "Na nyongeza, Tatu, au unaanza ubahili leo leo?" Tukacheka.

Sasa hacheki. Kashika simu ya Mwajuma. Maishani hakujua herufi hata moja, lakini ndotoni anasoma tangazo lote bila kukwama, sauti imetulia kama anasoma jina lake mwenyewe. Akafika kwenye mstari mwekundu. Akaninyooshea simu.

"Bei hii ya zamani, Tatu, mimi nilikulipa lini?"

Nafungua kinywa, kimejaa mchele. Nyuma yake wamesimama wateja wangu wote, wamenipa migongo. Bi Salma anaweka simu kwenye mizani, sahani inashuka mpaka sakafuni. Kisha anakinga kiganja kilekile, kitupu, anangoja. Natumbukiza mkono kwenye gunia. Gunia lina kina. Natafuta chini, natafuta, mkono haufiki.

Nikaamka mkono umekamata shuka, adhana ya alfajiri inalia.

Nikaenda kumgongea Mwajuma.

"Amka ufute lile tangazo."

"Bibi! Nimeshalipanga, litatoka lenyewe saa mbili."

"Lizuie. Litatoka lipi, wakati mwenye duka hajakubali?"

"Na wale wa ng'ambo?"

"Waandike nusu bei, waandike na robo. Mimi nimeulizwa swali na mtu aliye kaburini, na jibu sikuwa nalo."

Akakaa kitandani, simu mkononi. Nikamtajia, naye akaandika hivi:

*Asanteni, wateja wetu. Duka la Bi Tatu, mkabala na mashine ya kusaga, limefika miaka mitano kwa sababu yenu, hasa mnaonunua robo robo na kurudi kesho. Leo Jumamosi, tangu tunafungua mpaka magharibi, kila anayenunua mchele au maharage anaongezewa kiganja kimoja baada ya mizani. Wa kilo anapata, wa robo anapata. Bei ni ileile ya jana. Maharage yakiisha mapema tutasema hapahapa, msije bure.*

"Ni hayo tu?" Mwajuma akauliza. "Kiganja kimoja? Watatucheka, Bibi."

"Wacheke wakiwa na mfuko mkononi."

"Basi niweke vile vipicha vya moto, livutie."

"Moto wa nini dukani kwangu?"

Akataka kuweka picha ya wateja wakiwa foleni. Nikamuuliza nani kati yao kaombwa ruhusa. Akaweka picha ya mizani.

Saa mbili likatoka. Wa kwanza kuandika chini yake alisema, "Ofa gani hii ya kiganja?" Mwajuma akanitazama. Nikamwambia mjibu vizuri: ni hiyo, karibu. Wateja wakibaki ng'ambo, wabaki. Nitafunga duka siku nikishindwa kuuza kwa bei ninayoweza kuitaja mbele ya Bi Salma.

Kisha nikawaita wote wa nyumbani, wanaonisaidia kuuza na hata anayetupikia, nikawasimamisha mbele ya magunia, nikawaambia: "Mizani ikitulia, mkono urudi kwenye gunia mbele ya macho ya mnunuzi. Msingoje akinge kiganja."