Ridhaa ya Masista

Kajetani Mapunda alitaka kupumzika. Hakutaka utajiri, wala gari, wala nyumba ya ghorofa. Alitaka kuamka asubuhi moja akiwa hana kinu cha kwenda kukifungua.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo thelathini na mbili ilikuwa imepita kwenye vumbi la mahindi. Kwanza alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga cha serikali. Mwaka 1989 walipopunguzwa kazi, akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua kinu kilichochakaa, akakifunga kwenye banda pale Mjimwema. Biashara ya nafaka ilikuwa imeachiwa huru, na mtu yeyote mwenye mashine na mgongo aliweza kusaga. Kajetani alikuwa navyo vyote viwili. Miaka minne baadaye alisajili Kampuni ya Unga Matimila: kati ya hisa mia, themanini zake, ishirini za mkewe Fausta.

Sasa ilikuwa Aprili 1996 na mgongo ulikuwa umekwisha. Sikio la kushoto halikusikia tena. Alikohoa asubuhi hadi Fausta akawa anaacha kumimina chai na kumsubiri amalize.

"Baba Recho, utauza lini hiki kitu?" aliuliza kila wiki, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi.

Mnunuzi alipatikana. Aliitwa Abdulhamid, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu mpole wa miaka arobaini aliyeanza kununua mahindi ya Namtumbo na Madaba na kuyapeleka Dar es Salaam. Alikuja bandani mara tatu, akasimama kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe bila kulalamika, akauliza maswali ya maana. Mwisho akasema atanunua hisa zote mia. Jina la kampuni litabaki, wafanyakazi kumi na wanne watabaki, hata kibao cha mlangoni kitabaki.

"Mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu," alisema. "Nataka kuingia ndani yake tu."

Wakakubaliana. Kajetani akaanza kulala usingizi mzuri kidogo.

Kisha wakaenda kwa wakili Rupert.

Rupert alikuwa kijana mwembamba mwenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko kuu. Alimwamkia Kajetani shikamoo, akawaketisha, akachukua jalada la kampuni na kusoma karatasi moja baada ya nyingine bila haraka. Alipofika kwenye mkataba wa masista, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

Mkataba huo ndio uliokuwa uti wa mgongo wa kampuni. Masista walikuwa na hospitali moja na shule mbili za bweni nje ya mji, njia ya Njombe, na katika kila magunia kumi ya unga yaliyotoka bandani, sita yalikwenda kwao.

"Mzee, umewaandikia masista kwamba unauza?" Rupert aliuliza.

"Nimewaambia."

"Kwa barua?"

"Kwa mdomo wangu. Nilikwenda mwenyewe. Nilibeba na unga wa uji kwa ajili ya wagonjwa, nikaketi barazani na Sista Theodosia, nikamweleza. Akaniambia hongera, umefanya kazi ya kutosha. Kwetu mtu akishakwenda na miguu yake, barua ni ya nini?"

Rupert akasogeza karatasi mbele ya mzee. "Kifungu cha kumi na nne, mzee. Naomba usome."

Kajetani akavaa miwani. Mkataba ulikuwa wa Kiswahili, kwa sababu mwaka 1993 yeye mwenyewe alisema hataweka sahihi kwenye kitu asichoweza kukisoma. Kisha akaweka sahihi bila kukisoma. Kifungu kilisema kwamba iwapo zaidi ya nusu ya hisa za Kampuni zitapita kwa mtu mwingine bila ridhaa ya Shirika, yaani masista, iliyotolewa kabla, kwa maandishi, Shirika litakuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku thelathini, bila kulipa fidia yoyote.

"Lakini kampuni haibadiliki," alisema Kajetani. "Jina lile lile. Mashine zile zile."

"Ndiyo sababu wakaandika hivi," Rupert alisema. "Aliyefunga mkataba na masista ni kampuni, na kampuni bado ipo. Kama kifungu hiki kisingekuwepo, ungeuza leo na kesho magunia yakaenda kama kawaida, wao wasiwe na la kusema. Lakini wao hawakutaka kuishia kwenye kibao cha mlangoni. Walitaka kujua nani yuko ndani."

"Kwa hiyo wanaweza kunizuia nisiuze?"

"Hapana. Hisa ni zako, utauza ukitaka. Wanachoweza ni kuondoka. Wewe utauza, na wao watafunga mlango."

Abdulhamid alikuwa akizungusha tasbihi kidoleni muda wote. Sasa akakohoa kidogo.

"Mzee Mapunda, nisikufiche. Bila magunia ya masista, mimi nanunua banda lenye kelele."

"Basi nunua nusu," Kajetani alisema. "Nusu kamili. Kifungu kinasema zaidi ya nusu."

"Na nusu nyingine utakaa nayo wewe, tuwe tunabishana kila siku nani aamue? Gari moja sukani mbili, wallahi siingii."

"Nunua mashine tu, basi."

"Hapo mkataba utabaki na kampuni yako," Rupert alisema, "nawe huna cha kusagia. Siku ya kwanza ukishindwa kupeleka unga, umeuvunja wewe."

Kajetani akavua miwani akafuta macho. Alikuwa amepanda ngazi zile akidhani anakwenda kumaliza.

Kesho yake alipata lifti ya lori hadi kwa masista. Sista Theodosia, aliyekuwa mtunza stoo na fedha wa shirika, alimkuta amekaa kwenye baraza ile ile. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kiume na kalamu mbili mfukoni.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele, amina. Umekuja bila unga leo, mzee."

"Leo nimekuja na kifungu cha kumi na nne."

Sista akacheka, akaketi. Kajetani akamweleza yote, polepole. Alipomaliza akasema, "Sista, uliniambia hongera."

"Nilikupongeza. Sikusema tumeridhia. Nikikupongeza kwa kumwoza binti yako, nimekubali kumlea mkwe wako?"

Kajetani akakohoa, akafuta mdomo.

"Mimi ndiye niliyeomba kifungu kile," Sista aliendelea. "Aliyetuletea unga kabla yako alikuwa mtu mwema. Akauza kampuni yake kimya kimya. Jina halikubadilika, gari halikubadilika, hata dereva alikuwa yule yule. Unga ndio uliobadilika. Tulikuwa na watoto wa bweni wanaharisha wiki nzima, na tulipotaka kuacha, tukaambiwa mkataba una miaka miwili bado. Nikaapa sitafunga mkataba na jina tena."

"Bwana Abdulhamid ni mtu wa haki."

"Huenda. Simjui. Wewe nakujua. Umerudisha magunia mangapi ya mahindi yenye ukungu mbele ya macho yangu? Nilikuchagua wewe, mzee, si Matimila."

Mwaka 1993 maneno kama hayo yalimfurahisha. Alitoka pale kifua mbele, akamsimulia Fausta mara mbili. Sasa yalimwangukia begani kama gunia.

"Sista, nimechoka," alisema.

Sista akachomoa kalamu moja mfukoni. "Naona. Nitalipeleka jambo hili kwenye baraza la shirika letu. Leta barua, na mnunuzi wako aandike ya kwake. Safari hii karatasi, mzee. Si miguu."

Barua zikaandikwa. Abdulhamid akaenda mwenyewe kujitambulisha, akaonyeshwa jikoni, hospitali na stoo, akarudi akisema amehojiwa kuliko alivyohojiwa na baba mkwe wake. Wiki tatu zikapita. Kajetani akaendelea kufungua kinu saa kumi na mbili kasorobo, akikohoa, akisubiri.

Jibu lilifika mwanzoni mwa Juni. Rupert akawaita wote wawili, Fausta akafuatana nao. Rupert akasoma.

Shirika lilikuwa limeridhia hisa zote zipite kwa Bwana Abdulhamid, na halitavunja mkataba kwa sababu ya mauzo hayo. Ila kwa sharti moja. Bwana Kajetani Mapunda abaki msimamizi wa usagaji kwa miaka mitatu, akague mwenyewe kila shehena inayokwenda kwa Shirika. Akiondoka kabla ya muda huo, isipokuwa kwa kifo au ugonjwa uliothibitishwa na daktari, Shirika litakuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ile ile ya siku thelathini.

Chini, muuza duka alikuwa anapima nondo.

"Kwa hiyo kufa ninaruhusiwa," Kajetani alisema.

"Kufa, ndiyo," Rupert alisema. "Kuugua, kwa cheti."

Fausta hakucheka. "Hivi wanaweza kufanya hivyo? Kumfunga mtu kwenye kitu alichokwisha kuuza?"

"Hawajamfunga, mama. Anaweza kukataa. Wana haki ya kuondoka, na haki hiyo wanaiuza kwa bei wanayotaka. Bei yao ndiyo hii. Asipotaka, auze bila ridhaa, nao watoe notisi yao."

"Na mimi nisinunue," Abdulhamid alisema taratibu. Hakusema kwa vitisho. Alionekana kuona aibu.

Kajetani akaomba barua, akaisoma neno kwa neno kuanzia tarehe hadi mhuri. Angeweza kusema hapana. Angerudi bandani akiwa mwenye kinu, akifukuzana na dizeli, vipuri, kodi na mishahara, hadi kifua kimalize kazi. Au angesema ndiyo, aachiwe yote hayo, abaki na vumbi peke yake.

"Waandikie miaka miwili," alimwambia Rupert. "Waambie miwili ninaiweza. Wa tatu sitauahidi kwa maandishi nisije nikawadanganya masista."

Masista wakakubali miwili. Sista Theodosia aliandika kwa mkono wake chini ya barua ya pili kwamba Shirika linamshukuru kwa kusema ukweli.

Mauzo yalitiwa sahihi Ijumaa ya mwisho ya Juni, baada ya Abdulhamid kutoka msikitini. Rupert aliambatisha ridhaa ya masista mbele kabisa ya jalada. Fausta alitia sahihi kwa hisa zake ishirini na kushuka ngazi bila kungoja soda ya kupongezana.

Kajetani alisimama dirishani akikunja nakala yake. Kwa mara ya kwanza tangu 1989 hakuwa na kinu chake, na bado alikuwa na kazi.

"Jumatatu utafika saa ngapi, mzee wangu?" Abdulhamid aliuliza.

"Saa kumi na mbili kasorobo. Kama siku zote."

"Ya nini? Kufungua ni kazi yangu sasa. Wewe njoo saa mbili, shehena ikiwa imepangwa, uikague. Saa sita urudi nyumbani."

Kajetani akahesabu. Angepata masaa mawili na robo ya kulala asubuhi, na mchana wote. Si mapumziko kamili aliyoyataka, lakini hakuwa tena na kinu cha kwenda kukifungua.

"Saa mbili, basi," alisema, akatia karatasi kwenye mfuko wa koti, akaanza kushuka ngazi moja moja, akishika ukuta.