Funguo za Shemeji katika Video ya Dakika Moja

Shule mimi sikuimaliza, tuliachana bila ugomvi. Lakini kuigiza? Hapo mnipishe. Ndiyo maana fundi viatu, mpangaji wa chumba cha mwisho kwa dada yangu, alipotafuta mtu wa kuwa mwenye nyumba kwenye video yake ya kuchekesha, hakuhangaika mbali.

Mwenye nyumba wa kweli sasa ni dada. Zamani kukusanya kodi ilikuwa kazi ya mumewe, shemeji yangu. Shemeji alitutoka miezi minne iliyopita, na tangu hapo dada anaishi kama mtu aliye kwenye foleni isiyosogea. Anapika, anafagia, anaanika. Ukimtania anaitika, "Ehee." Mimi, niliyewahi kuwachekesha watu matangani, kwake nimenyoosha mikono.

Fundi alipoomba ruhusa ya kurekodi pale kwake, dada alisema, "Rekodini. Ila mkimfanya mume wangu kituko, hiyo video haitoki hapa."

Fundi akaficha daftari mgongoni, maana alishaandika. Ukurasa mmoja wa daftari. Ukurasa mmoja, aliniambia, ndiyo dakika moja. Siku ya kodi. Funguo zinalia nje, mpangaji anaruka kitandani. Mwenye nyumba anagonga, mpangaji anaingia uvunguni. Mwenye nyumba anafoka, mpangaji anasingizia homa. Mwisho anabebwa nje na kitanda chake.

"Sekunde tatu za mwanzo, Mjomba. Mtu asipojua nani anamkimbia nani, kidole kimeshapita, anatazama ya mwingine. Halafu mambo yapande mara tatu, mwishoni yageuke."

"Mimi nikitokea tu, sekunde moja inatosha," nikamwambia.

Akasimamisha simu wima juu ya stuli, mgongo kwa dirisha, mwanga utupige usoni. Simu ya pili, ya kunasa sauti, akaificha ndani ya kiatu cha mteja mezani. Nikatikisa funguo nje, nikaingia nikafoka. Mara ya kwanza nilitazama kamera. Mara ya pili fundi akashika kichwa.

"Mjomba, kifungo! Nje ulifunga vyote, ndani kifua wazi. Nikiunganisha vipande, watu watauliza umevuliwa na nani mlangoni."

Mara ya tatu nilifoka mpaka nikajiogopa mwenyewe.

"Si hivyo."

Dada alikuwa mlangoni na beseni la nguo.

"Nini tena, dada?"

"Funguo. Hakuwa anazitikisa hivyo."

Akaweka beseni chini, akanipokonya funguo, akaenda mpaka getini. Akatikisa mara tatu. Halafu kimya. Tukangoja, kimya. Ndipo tukasikia kandambili zake zikija polepole.

"Sasa pale katikati alikuwa anafanya nini?" nikauliza.

"Anahesabu mpaka ishirini. Asiye na kodi apate kutoka kwa mlango wa uani. Hakupenda kumkuta mtu hana." Alilisema hilo kama anasoma bei ya sabuni.

Fundi akakaa kitandani. "Mama, mlango ule nimetoka mara mbili. Nikajiona mjanja!"

"Alijua. Mara ya pili ulidondosha kiatu. Alikuwekea juu ya ukuta."

Fundi akachukua daftari. Aligeuza ukurasa, akaandika upya nyuma yake. Mlango akaubadilisha kuwa dirisha, maana mtu kupita mlangoni hakuchekeshi:

MWENYE NYUMBA (nje, anatikisa funguo): Nakuja! (Kimya.)
MPANGAJI yuko dirishani, mguu mmoja nje.
MWENYE NYUMBA (anatikisa kwa nguvu): Nakuja kweli!
MPANGAJI anavuta mguu. Hautoki.
MWENYE NYUMBA (anatikisa kwa mikono miwili): Nimefika kabisa!
MPANGAJI: Suruali imenasa!
MWENYE NYUMBA (anachungulia): Basi narudi getini, tuanze upya.

"Na kule kufoka kwangu?"

"Kumekatwa, Mjomba."

Hasara ni ya watazamaji. Funguo zenyewe alizitikisa dada, nje ya picha, kwa sababu mkono wangu, ati, ulikuwa na haraka.

Kesho yake fundi akamletea simu. Dada akatazama yote, uso vilevile.

"Mbona kimya cha mume wangu kimekuwa kifupi?"

"Nimekipunguza, mama. Sekunde ishirini za kimya, watu wote watakuwa wameondoka."

"Basi haitoki."

Fundi akakuna kichwa, akarudi chumbani. Jioni akaja na dawa: kimya kile kakirudisha chote, ila kakijaza. Mwenye nyumba anahesabu chini kwa chini, mpangaji anahangaika na dirisha, na namba zinaandikwa chini ya picha, moja mpaka ishirini, kwa ajili ya wale wanaotazama bila sauti. Dada akahesabu pamoja nazo, midomo tu ikicheza. Zilitimia.

"Itoke," akasema, akaenda kuanua nguo. Hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba ya ukoo.

Siku ya kodi iliyofuata, nikiwa pale nangoja chai, nilisikia funguo getini. Mara tatu. Nikahesabu. Kwenye kumi na tatu mlango wa uani ukalia. Dada hakusogea pale getini mpaka ishirini.