Hujahakiki Mawimbi

Fundi alinipigia simu wiki ya tatu baada ya mazishi. Nilikuwa Suna, kwenye nyumba ya chuo tulikokuwa tukiishi, nimekaa mezani mbele ya chai iliyopoa. Nilipokea kwa sababu simu ililia, si kwa sababu nilitaka kuongea na mtu.

"Madam, pole sana. Siwezi kukusumbua bila sababu. Ile mashini Mwalimu alinichorea imeleta maneno."

Mwalimu ni marehemu mume wangu. Tulifundisha pamoja katika chuo cha ufundi, yeye masomo ya joto na mvuke, mimi mashine. Mchoro wenyewe niliukumbuka. Mfanyabiashara mmoja wa Homa Bay alitaka mtambo wa kutengeneza maji safi ya betri, awauzie wenye gereji. Mume wangu akachora, fundi akachomelea kwenye karakana yake huko huko. Sasa maji yalikuwa yanafurika ndani, na mwenye mtambo alikuwa akitangaza sokoni kwamba fundi ametoboa tundu dogo la kutolea maji kwa uvivu. Alitaka atengenezewe mwingine kwa mabati ya fundi mwenyewe.

"Nikipoteza jina hapa, Madam, nimekwisha," fundi akasema.

Mama mkwe hakupenda niende. Yeye ni Msabato wa kukata na shoka na husema mambo ya mwiko wa mjane ni ya zamani, lakini alisimama mlangoni akaniambia nisiingie nyumba ya mtu. Nikamjibu kwamba karakana si nyumba. Sikuwa na nguvu ya kubishana zaidi ya hapo. Wakati huo sikuwa na nguvu ya kitu chochote: nilikula nikiambiwa kula, na siku ya mazishi nilishika mchanga nikautupa kaburini huku nikiwaza kama nimefunga gesi.

Fundi naye alijua mwiko ule. Aliniwekea kigoda nje, chini ya kipaa cha karakana, na chai akaileta hapo hapo. Nilishukuru, au nilijua kwamba nilipaswa kushukuru.

Mtambo ulikuwa sanduku la chuma lenye kioo upande mmoja. Ndani yake limesimama bamba la shaba, urefu mita moja na robo kasoro kidogo, upana robo mita. Mvuke huingia ndani ya sanduku, nyuma ya bamba hupita maji baridi ya ziwa. Mvuke ukigusa shaba iliyopoa hugeuka maji, na maji hayo hushuka yakiwa utando mwembamba. Juu utando ni mwembamba kabisa, kadiri unavyoshuka unanenepa. Chini kuna mfereji wa kuupokea, na bomba la kutolea. Ni mfereji huo uliokuwa ukifurika.

Nikaomba mchoro. Mwandiko wake ulikuwa pale pembeni, herufi zake zilizolala kushoto. Mvuke digrii mia moja, uso wa bamba digrii themanini, urefu mita moja nukta mbili. Kisha wastani wa upitishaji joto: elfu tano na mia moja. Kisha ukubwa wa bomba.

Nilisoma ile elfu tano na mia moja mara mbili. Nikauliza kama mtambo unaweza kuwashwa.

Mwenye mtambo alikuwa amefika, mtu mnene mwenye kofia ya kampeni, simu mbili mkononi. "Madam, mimi sitaki hesabu. Mimi nataka kujua nani ameharibu kazi yangu."

"Utajua," nikamwambia. "Keti."

Akaketi. Nadhani sauti yangu ilikuwa ya darasani.

Boila ilipochemka nikaweka tochi kwenye kioo. Sehemu ya juu kabisa ya bamba maji yalishuka laini, hujui hata kama yanatembea. Chini ya hapo utando ulianza kukunjamana, mikunjo midogo ikifukuzana hadi kwenye mfereji, kama uji unapomwagika ukutani. Utando ni blanketi. Unazuia joto la mvuke lisifike kwenye shaba. Mikunjo ile hulipunguza blanketi na kulikoroga, joto linapita zaidi, na maji yanayotoka ni mengi zaidi.

Nikapiga hesabu kwenye simu, kwa utaratibu tunaofundisha. Unakisia kwanza kwamba utando una mawimbi. Kwa kisio hilo unatafuta namba ya mtiririko. Ikiwa chini ya thelathini, ulikosea, utando ni laini. Ikizidi elfu moja na mia nane, umevurugika kabisa, na hiyo ni hesabu nyingine. Yangu ilitoka mia nane na arobaini na kitu. Kwa hiyo ni mawimbi, na kwa mawimbi wastani ni elfu sita na mia nne, si elfu tano na mia moja. Tofauti ya robo nzima. Elfu tano na mia moja ni jibu la utando laini.

Ili nisiongozwe na karatasi tu, nilimwomba fundi afungue kizibo cha chini, tukakinga maji kwa ndoo kwa dakika tano. Jirani yake muuza samaki akatuazima mzani wake wa kuning'iniza. Hesabu ya utando laini ilitaka kilo nne. Mzani ulisoma tano kasoro kidogo, na ndoo tulikuwa tumeshaitoa.

"Kwa hivyo kosa ni ya nani?" mwenye mtambo akauliza.

Ningeweza kusema bomba ni jembamba na kunyamaza. Mfu hawezi kujitetea, na mimi nilikuwa mke wake.

"Ni ya mume wangu," nikasema. "Fundi amekata kama alivyoambiwa. Weka bomba pana zaidi, hakuna kingine. Bamba lako ni zuri, linakupa maji robo zaidi ya uliyoahidiwa."

Aliposikia robo zaidi, uso wake ukafunguka. Alimpa fundi mkono, akaenda zake akiongea na simu zote mbili.

Nilibaki na mchoro magotini. Kitu kimoja hakikuniingia akilini. Mtu huyu alikuwa akikata alama mbili kwa kila mwanafunzi anayetoa jibu kabla ya kuhakiki mawimbi, na walimnung'unikia miaka yote.

"Alichora lini hii?" nikauliza.

"Kabla ya Pasaka, Madam."

Kabla ya Pasaka alikuwa mzima; nilivyojua mimi, ugonjwa ulimwanza baadaye. Alikuwa akienda Homa Bay kila Jumatano na kurudi akisema kazi inakwenda vizuri.

Fundi alisugua mikono yake kwa kitambaa muda mrefu. "Alikuwa mgonjwa tayari, aliniambia nisikwambie. Alikuwa anakuja, anakaa hapo kwa hicho kigoda, mkono inatetemeka. Akishindwa kuchora anaenda kulala ndani ya gari mpaka jioni. Kisha ananawa uso hapo kwa bomba, anarudi kwako."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mume wangu mpaka masikio yakawaka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu afe kuhisi chochote. Jumatano zote hizo nilimpikia samaki, nikamuuliza safari ilikuwaje, akasema njema.

Nikatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, ya kusahihishia. Pembeni ya ile elfu tano na mia moja nikaandika kama alivyokuwa akiwaandikia wengine: Hujahakiki mawimbi. Nikakata alama mbili.

Kisha nikalia pale nje, kwenye kigoda chake, na fundi akaenda kuzima boila.