Barua Pepe Iliyopitia kwa Mkurugenzi

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwangu. Ufadhili niliokuwa nautaka, wa serikali ya nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, unampokea mwombaji ambaye shahada yake ya kwanza haijapita miaka sita, na yangu ilikuwa inatimiza sita. Masharti mengine nilikuwa nayo, au nilikuwa nimeshaahidiwa. Kilichokosekana ni barua moja tu, ya profesa wa chuo cha huko, kusema kwamba yuko tayari kunisimamia. Bila kuipakia barua hiyo, fomu ya mtandaoni haikubali hata kutumwa. Nilikuwa na wiki sita.

Nilikuwa nafundisha kemia katika sekondari ya kata, nusu saa kwa bodaboda kutoka Kharumwa. Huku kwetu dhahabu inakamatwa kwa zebaki kwenye mialo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa mgodini, na mchanga unaobaki, wenyewe tunauita marudio, unarundikwa popote penye nafasi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeandika kwenye daftari visima vya vijiji vitatu, kimoja kimoja, na umbali wake kutoka mwalo ulio karibu. Hakuna aliyenituma. Nilianza siku wanafunzi wangu waliponiuliza zebaki ikimwagwa inakwenda wapi, nikawajibu kwa maneno ya kitabuni, nikaona aibu.

Profesa nilimpata kwa kusoma makala zake. Alikuwa amefanya kazi kwenye migodi midogo ya nchi nyingine mbili za Afrika, na kila nilichosoma niliona kama anazungumzia nyuma ya nyumba yetu. Nikakaa kumwandikia.

Sasa mimi ni mtumishi wa umma. Tangu niajiriwe sijawahi kuandika barua ya kikazi ikaenda moja kwa moja kwa mtu. Uhamisho, likizo, hata kudai kiti cha maabara, barua inaandikwa kwa mkubwa kabisa, na chini ya anwani yake unaweka K.K., kupitia kwa, ukitaja kila bosi aliye katikati. Mkuu wa shule anaandika maoni, anapiga mhuri, anaipandisha. Ukimruka, umejitafutia maneno. Kwa hiyo nikaandika barua kwa profesa wa Ulaya, na chini ya anwani ya chuo chake nikaweka: K.K. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, K.K. Afisa Elimu Sekondari, K.K. Mkuu wa Shule. Nikaipa kichwa: YAHUSU OMBI LA KUSIMAMIWA NA KUPATIWA UFADHILI WA MASOMO. Nikaanza, kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula: Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikataja cheki namba yangu, ile ya mshahara. Mpango wangu ulikuwa barua ikirudi na mihuri yote, niiskani stesheneri Kharumwa, niiambatanishe kwenye barua pepe. Niliona nimefanya jambo la maana sana.

Mkuu wa shule aliisoma mara mbili.

"Madam, hapa umetulia," alisema. "Mtu wa nje akiona mihuri anajua anazungumza na serikali."

Akaandika chini kwamba mimi ni mwalimu mchapakazi na ombi langu lizingatiwe. Nilimshukuru kwa moyo wote, na barua ikaenda Halmashauri.

Wiki ya kwanza sikuuliza. Wiki ya pili nilikwenda masjala, ofisi yenye majalada mpaka dirishani, nikamkuta mama anayezipokea barua.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ile yako ya Ulaya ipo. Imeingia kwa Afisa Elimu, yeye yuko semina. Hatukai nayo, tunamsubiri."

Wiki ya tatu alirudi kutoka semina, akaandika pembeni kwamba uombwe ushauri wa mwanasheria, kwa kuwa barua inakwenda nchi ya nje. Hakukuwa na mtu mbaya hata mmoja katika safari ile. Kila aliyeishika aliifanyia kile ambacho barua ya namna ile hufanyiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nalala vibaya, nikiamka nahesabu siku.

Wiki ya nne ilipoisha nilimpigia mhadhiri wangu wa chuo, mzee aliyenisimamia shahada ya kwanza, nimkumbushe barua ya utambulisho aliyoniahidi.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Barua yangu iko tayari. Profesa amesemaje?"

"Bado hajaipata, Dokta. Iko Halmashauri."

"Iko wapi?"

Nikaeleza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka hata kidogo. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili.

"Ngoja," alisema alipopata pumzi. "Mkurugenzi unamwomba ruhusa ya kwenda masomoni, na hiyo unaiomba ukishapata nafasi. Huyu profesa unamuuliza swali tu, kama anapokea wanafunzi. Kuuliza swali unahitaji ruhusa ya nani?"

Nilikuwa na hasira, na nilijua kabisa haikuwa juu yake. Nimefundisha watoto mia kadhaa kwamba mwanasayansi anauliza, na nafsi yangu nimeipeleka kuuliza ikiwa imeshikwa mkono na watu watatu.

Aliniambia nimtumie nilichoandika. Jioni hiyohiyo akanirudishia na masahihisho, ambayo sitayasahau kwa sababu yaliuma. Penye "kupatiwa ufadhili" aliandika: Yeye hatoi ufadhili. Unayempa ombi la fedha ni mfadhili, huyu unamwomba usimamizi na barua. Aya yangu ya pili ilisema mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Kishapu, niliyesoma kwa shida. Akaikata yote: Anachagua mtafiti, huruma haimsaidii kuchagua. Penye "nimechunguza zebaki katika visima" aliuliza: Umepima kwa kifaa gani, kwa ulimi? Na juu kabisa, penye "Dear Sir": Huyu ni mama, na ana cheo chake.

Sehemu ya ulimi ndiyo iliyonikalia zaidi. Ni kweli sikuwa nimepima chochote. Maabara yetu ina vichupa vya asidi na mizani moja mbovu. Nilichokuwa nacho ni daftari.

Jumamosi asubuhi nilikaa chumba cha walimu, karibu na dirisha ambapo mtandao unashika, nikaandika upya. Niliiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi, isipokuwa majina:

Somo: Ombi la usimamizi wa shahada ya uzamili (sayansi ya mazingira), muhula ujao, mwombaji wa ufadhili wa serikali.

Mheshimiwa Profesa,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika ukanda wa machimbo ya dhahabu ya Geita, Tanzania, na nina shahada ya kwanza ya sayansi na elimu. Ninaandika kuuliza kama unapokea wanafunzi wa uzamili kwa muhula ujao, na kama ungekuwa tayari kufikiria kunisimamia.

Katika makala yako kuhusu mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu, unaeleza kwamba umbali peke yake hautabiri vizuri kiasi cha zebaki kinachofika majini, na kwamba mwelekeo wa maji chini ya ardhi haujachunguzwa vya kutosha. Kwa miaka mitatu nimeorodhesha visima vya vijiji vitatu, mahali vilipo na umbali wake kutoka sehemu za kuoshea dhahabu. Sijapima zebaki, kwa kuwa sina vifaa. Ningependa kutumia orodha hii kuchagua visima vya kupimwa katika masika na kiangazi.

Ninaomba ufadhili kutoka kwa serikali ya nchi yako, unaolipia ada na gharama za kujikimu. Mwombaji anatakiwa kuambatanisha barua ya msimamizi anayekubali, kabla ya tarehe 31 mwezi huu. Ninatambua kwamba muda ni mfupi, na kwamba nimechelewa kukuandikia.

Nimeambatanisha wasifu wangu, matokeo ya chuo, na andiko la awali la kurasa mbili. Nitashukuru kwa jibu lolote, hata kama huna nafasi.

Wako kwa heshima.

Ilikuwa fupi mno machoni pangu. Nilijisikia kama nimeingia sebuleni kwa mtu bila hodi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna pole na kazi, hakuna mhuri. Nilibonyeza, nikatoka nje, nikaenda kusahihisha madaftari chini ya paa la jiko la shule kwa sababu sikutaka kuwa karibu na simu.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Siku ya pili yake kulikuwa na jibu. Profesa aliandika kwamba andiko langu amelisoma, kwamba nafasi moja anayo, na kwamba alipenda nilivyosema wazi ambacho sijakipima. Kisha akauliza swali moja: kati ya visima hivyo, vipi vinatumika kwa kunywa, na ninajuaje?

Nilijibu siku hiyohiyo. Niliweka jedwali: vya kunywa, vya mifugo, vilivyoachwa. Namna ya kujua niliieleza kisima kwa kisima: hiki nimeshuhudia foleni ya ndoo, hiki nimeambiwa na wenyeji. Nilipofika namba nne niliandika kwa utulivu uleule wa kitaaluma: Kinatumika kwa kunywa; ni kisima ambacho kaya yangu huchota. Nikaendelea na namba tano.

Nimalize kabisa habari ya ufadhili, nisimweke mtu roho juu: niliupata. Barua ya profesa ilifika siku nne kabla ya mwisho, nikaituma fomu, na miezi baadaye nikaitwa kwenye usaili wa mtandaoni. Ruhusa ya masomo niliiomba kwa Mkurugenzi baada ya hapo, na K.K. zake zote, ikatoka kwa utaratibu mzuri.

Ila siku ile barua ilipofika, niliipakua, nikausoma mhuri wa chuo na sahihi, nikapiga kelele chumba cha walimu mpaka mkuu wa shule akaja kuona. Ndipo nikarudi kusoma barua pepe yenyewe, ambayo kwa furaha nilikuwa nimeiruka. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulinitakia kila la heri. Wa pili ulisema: Tafadhali, mpaka tutakapopima, msinywe tena maji ya namba nne.

Nilikaa chini. Miaka mitatu nilikuwa nimekiandika kisima kile, nimekipima hatua kutoka mwaloni, nimekipa namba, na kila siku nilikuwa nimekunywa maji yake na kuwanywesha wanangu wawili. Niliona aibu ambayo sijui niilinganishe na nini.

Nikampigia mume wangu, aliyekuwa nyumbani na watoto, nikamwambia barua imefika, na kwamba amwage maji ya mtungi na ya ndoo zote mbili. Alishangilia kwanza, kisha akauliza tutachota wapi. Nikafungua jedwali langu kutafuta, nikapita juu mpaka chini, hakuna hata kimoja kilichopimwa, na sikuwa na kisima cha kumtajia.