Hedwiga na Spika ya Kwaya

"Mama Eva, hivi Hedwiga atafundishaje kwaya na macho hayaoni?"

Dorkas, jirani yangu, aliniuliza hivyo tukiwa tunamenya tangawizi ya kupeleka sokoni Myamba. Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema tu Mungu hachukui vyote. Leo ningemweleza kwa kirefu.

Hedwiga alianza kutufundisha sauti nikiwa msichana. Alikuwa akisimama mbele na kijiti, akaandika do, re, mi ubaoni, na ukikosea hakugombi, anakutazama tu mpaka unajirudi mwenyewe. Miaka ile kahawa ilipokosa bei, vijana wengi wakashukia tambarare kutafuta riziki mashambani mwa mkonge, kwaya ikabaki na watu kumi na mmoja, akaishika hivyo hivyo. Baadaye presha ya macho ikamwandama. Jicho la kulia likaenda kwanza, la kushoto likafuata ndani ya mwaka. Ubao hauna kazi tena kwake, lakini sauti nne za wimbo anazo kichwani kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake.

Mwaka 2016 mwanawe alimtumia simu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya mgeni, na mwanzoni Hedwiga aliicheka sana. Akagundua inarekodi. Akaketi jikoni kwake siku nne, akaimba soprano peke yake, kisha alto, kisha teno, na besi akaishusha chini kadiri koo lilivyokubali. Zote kwa ajili ya mashindano ya kwaya yaliyokuwa yafanyike Same mjini baada ya wiki tatu.

Shida ikawa sauti ya simu ni ndogo, na sisi tulikuwa watu ishirini. Tukachanga, Leticia akateremka Same, akarudi na spika ya mviringo kama ndoo ndogo, ya kutumia bluetooth. Vitu vya Kichina vimejaa madukani siku hizi, bei tunaiweza, ila karatasi ya maelezo imeandikwa Kichina na Kiingereza cha herufi za sisimizi. Leticia ni binti wa miaka ishirini na nne, ana sauti nzuri na adabu. Aliijaribu spika kwa simu yake pale pale dukani, ikaimba.

Jumatano tukakutana kanisani kwa mazoezi. Hedwiga akawasha spika, akaiambia simu yake itafute. Simu ikatafuta. Ikasoma jina la simu ya mtu fulani, ikasoma jingine, spika haikuitaja. Akarudia mara tano. Tulikaa kwenye mabenchi tukimtazama, na yeye anajua kutazamwa hata kama haoni.

Aminieli, mwenyekiti wetu, akajikohoza.

"Mama, zile nyimbo mhamishie Leticia. Yeye simu yake inakubali. Wewe umeshafanya kazi kubwa, sasa upumzike."

"Nipumzike nimechoka wapi?" Hedwiga akauliza.

Wote tulijua maana ya kumhamishia Leticia: mwenye kuishika spika ndiye atakayeamua turudie wapi na tusimame wapi, na huyo ndiye mwalimu.

Aminieli si mtu mbaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema labda ni mtandao. Huku kwetu mtu akitaka kupiga simu hupanda mpaka kwenye jiwe kubwa juu ya mashamba, kwa sababu kijijini mtandao unakuja na kuondoka. Basi Jumamosi asubuhi tukapanda sita, Aminieli akiwemo, Hedwiga amenishika bega, Leticia mbele na spika kichwani. Tulipofika simu zikaanza kulialia kwa jumbe zilizochelewa. Hedwiga akatafuta tena. Spika haikuonekana.

Nilimsikia akipumua. Akasema, "Leticia mwanangu, kwa kuwa tumefika penye mtandao, mpigie aliyekuuzia."

Aliyemuuzia ni fundi anayeitwa Chande, ana kibanda karibu na stendi ya Same. Leticia akamweleza kwamba mwalimu wetu ana shida na spika, akaweka sauti ya juu tusikie wote, akamsogezea Hedwiga simu.

"Shikamoo, mama. Mpo wapi?"

"Marahaba. Tupo mlimani, kwenye jiwe. Tumeifuata bluetooth."

Chande akacheka mpaka akakohoa. "Nisamehe, mama yangu. Hiyo haitaki mnara wala vocha. Spika na simu vinaongea vyenyewe, hatua chache tu. Hata shimoni ingekubali."

"Sasa mbona simu yangu haiioni?"

"Simu hii ya Leticia ndiyo aliyoijaribia spika hapa? Bluetooth yake imewashwa?"

Leticia akasema ndiyo, haizimi kamwe.

"Ndiyo yenyewe hiyo. Siku ile hapa dukani spika na simu yake vilioanishwa, vikapeana siri, kila kimoja kikaiweka. Sasa ukiwasha spika, kwanza inatafuta inayemjua. Ikimpata Leticia wanashikana kimya kimya, na ikishashikwa haijitangazi kwa mwingine. Simu yako itaonaje kitu kisichojitangaza?"

"Mbona hawakuitengeneza ijitangaze siku zote?"

"Ingekuwa hivyo, mpita njia yeyote angeiingia, akawapigia muziki wake katikati ya ibada. Mgeni haingii mpaka mwenye spika aifungue kwa makusudi. Nyingine hujifungua zenyewe zikikosa mtu, hiyo mpaka uiambie. Leticia azime bluetooth yake. Halafu bonyeza kile kitufe cha bluetooth, usiachie, mpaka taa ya buluu iwe inawaka na kuzima harakaharaka. Ukichelewa dakika mbili tatu inajifunga."

"Taa siioni, baba. Inalia vipi?"

Nadhani Chande alikuwa hajui kwamba anaongea na asiyeona. Tukasikia akichukua nyingine dukani, akaibonyeza karibu na simu, ikatoa milio miwili.

"Do, so," Hedwiga akasema. "Nimeisikia."

Leticia akazima bluetooth yake. Hedwiga akapapasa vile vitufe, akaacha kimoja, akashika cha pili, akabonyeza. Do, so. Akaanza kutelezesha kidole kwenye simu, akapitiliza, akarudi, simu ikisoma taratibu kwa ile lafudhi yake, na muda ukaisha. Leticia akanyoosha mkono kuichukua simu. Nikamshika mkono.

Mara ya pili hakuharakisha wala hakusita. Do, so. Simu ikasoma jina la spika. Akagonga mara mbili, na sauti ile ya kigeni ikahama mkononi mwake ikatokea ndani ya spika: "Imeunganishwa." Akaizima spika, akaiwasha upya bila kubonyeza kile kitufe. Vikashikana vyenyewe, kwa kuwa sasa vinajuana. Akafungua alto. Sauti yake ya jikoni ikatoka kubwa juu ya jiwe, na nyuma yake, ukisikiliza vizuri, sufuria inachemka.

Tuliimba pale pale, wote sita. Tulipomaliza Aminieli akamshukuru Mungu kwa sala fupi, kisha akasema kwa upole wake, "Basi tumeshajua siri yake. Leticia atakaa nayo, na Mama atakuwa anasikiliza tu kama tunakosea."

Leticia akatazama chini. Hedwiga akaipakata spika, akageuza uso upande ilikotoka sauti ya Aminieli.

"Mwenyekiti, naomba jambo moja. Jumatano Leticia azime bluetooth yake kabla hajaingia kanisani, na spika mniachie mimi niiwashe na kuiongoza mwenyewe mpaka tutoke mashindanoni Same."